Ngazi mbili zinazokutana kwenye pai

Kijana mmoja wa kidato cha sita alinijia jioni akiwa na daftari lake la hisabati. "Shikamoo, mwalimu," alisema, na kabla sijamaliza kumwitikia alikwisha kufungua ukurasa. Alikuwa amefanya maswali mawili yanayofanana kama pacha. Katika la kwanza saini ilikuwa na kipeo cha 6, na katika la pili kipeo cha 7. Mengine yote yalikuwa sawasawa: tafuta eneo kuanzia 0 hadi nusu ya pai. Jibu lake la kwanza lilikuwa 5π/32, na la pili lilikuwa 16/35. Yote mawili yalikuwa sahihi, lakini mwenyewe hakuyaamini.

"Mbona huku pai imo, na huku haimo?" aliniuliza. "Nimeiacha wapi?"

Hakuiacha popote. Vipeo shufwa hutoa majibu yenye pai, na vipeo witiri hutoa sehemu za kawaida ambazo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuziandika. Hilo si bahati. Ukilifuatilia mpaka mwisho, utaona jinsi sehemu za kawaida, zikizidishwa bila kikomo, zinavyoizaa pai yenyewe, ingawa hakuna duara lililopimwa. Nilimwambia kijana akae, nikamwanzishia habari hii kwa ufito.

Ufito unaosimamishwa

Chukua ufito wa mita 1, uulaze chini, kisha uuinue kwa ncha moja huku ncha ya pili ikibaki palepale ardhini. Kimo cha ncha ya juu kutoka ardhini ndicho kiitwacho saini ya pembe, ile inayoandikwa sin kwenye kikokotoo. Ufito ukiwa umelala, kimo ni 0. Ukisimama wima, kimo ni 1. Jua likiwa la utosi, ufito hutupa kivuli ardhini, na urefu wa kivuli hicho ndio kosaini, yaani cos. Kivuli huanza na urefu wa 1 na kuisha na 0. Ufito, kimo na kivuli hufanya pembetatu yenye pembe mraba, kwa hiyo kwa kanuni ya Pithagoras mraba wa kimo ukijumlishwa na mraba wa kivuli hutoa 1 kila mara.

Pembe tunaipima kwa umbali ambao ncha ya juu imetembea hewani. Ncha hiyo huchora robo ya duara lenye nusukipenyo cha mita 1. Mzingo wa duara zima ni 2π, basi robo yake ni π/2, yaani mita 1.5708 hivi. Ndiyo sababu hesabu yetu huanzia 0 na kukomea nusu ya pai: ni safari nzima ya ufito, tangu kulala mpaka kusimama.

Sasa chora grafu. Mstari wa ulalo uonyeshe umbali uliotembewa na ncha, na mstari wa wima uonyeshe kimo. Utapata mwinuko unaoanza 0 na kufika 1. Eneo lililo chini ya mwinuko huo ndilo linaloitwa intigrali. Unaweza pia kukizidisha kimo kwa chenyewe kabla ya kuchora: mara mbili, mara tatu, mara n. Mchoro wake ni wa sinⁿx, na eneo lake tutaliita Iₙ.

Maeneo mawili ya kwanza hayahitaji kanuni yoyote. Kipeo kikiwa 0, kimo huwa 1 kila mahali, na mchoro wetu ni mstatili wenye upana wa π/2 na kimo cha 1. Basi I₀ = π/2. Kipeo kikiwa 1, tunachotafuta ni eneo chini ya saini yenyewe. Hapa kuna jambo zuri kuhusu ufito: kasi ambayo kivuli hupungua wakati wowote ni sawa na kimo cha wakati huo. Kujumlisha vimo vyote ni sawa na kujumlisha upungufu wote wa kivuli, na kivuli kimepungua kutoka 1 hadi 0. Basi I₁ = 1 kamili.

Jibu la kijana limeanza kuonekana hapohapo. Pai imo katika I₀ na haimo katika I₁. Kilichobaki ni kuona jinsi maeneo mengine yote yanavyorithi kutoka kwa haya mawili.

Ndoo iliyoanza tupu na kuisha tupu

Kanuni inayotumika ni hii:

Iₙ = (n − 1)/n × Iₙ₋₂

Ukitaka eneo la kipeo cha 6, chukua la kipeo cha 4 ulizidishe kwa 5/6. La kipeo cha 4 hutoka kwa la kipeo cha 2 kwa kuzidisha kwa 3/4. Kila hatua inashusha kipeo kwa 2. Vitabu vya shule huipata kanuni hii kwa kuintigrali kwa sehemu, na wanafunzi wengi huikariri bila kuona kinachoisukuma. Mimi hupenda kuieleza kwa ndoo.

Zidisha kivuli kwa kimo kilichopandishwa kipeo cha n − 1. Kwa alama ni cos x · sinⁿ⁻¹x. Hebu kifikirie kiasi hicho kuwa ni maji ndani ya ndoo. Safari inapoanza, kimo ni 0, kwa hiyo ndoo ni tupu. Safari inapoisha, kivuli ni 0, kwa hiyo ndoo ni tupu tena. Katikati maji huongezeka, kisha hupungua. Ndoo iliyoanza tupu na kuisha tupu haina siri: maji yote yaliyoingia ni sawa na maji yote yaliyotoka.

Yanaingia kwa kasi gani na kutoka kwa kasi gani? Kimo kinapokua, maji huingia kwa kasi ya (n − 1) sinⁿ⁻²x · cos²x. Kivuli kinapopungua, maji hutoka kwa kasi ya sinⁿx. Sasa tumwite Pithagoras: badala ya cos²x tuweke 1 − sin²x. Kasi ya kuingia inagawanyika vipande viwili, na kipande kimoja kinaungana na ile ya kutoka. Tukipanga vizuri, badiliko lote la ndoo kwa kila hatua ya safari ni

(n − 1) sinⁿ⁻²x − n sinⁿx

Jumlisha kwa safari nzima. Kipande cha kwanza kinakuwa (n − 1) Iₙ₋₂, cha pili kinakuwa n Iₙ, na tofauti yao lazima iwe 0 kwa sababu ndoo imerudi tupu. Basi n Iₙ = (n − 1) Iₙ₋₂, na hiyo ndiyo kanuni yetu.

Ndoo hii inatuonyesha pia mipaka ya kanuni. Inahitaji n iwe 2 au zaidi. Ukiweka n = 1, kimo kinatoweka kwenye ndoo na kubaki kivuli peke yake, nacho huanza na 1. Ndoo haikuanza tupu, basi hoja inavunjika. Ndiyo maana I₁ haitoki kwa eneo lolote lililo chini yake, bali ni msingi unaojitegemea kama ulivyo I₀.

Mpaka wa pili ni mahali safari inapoishia. Wapo wanaoitumia kanuni hii hata pale intigrali inapokomea π/4, na hapo hukosea. Chukua kipeo cha 2. Kanuni ikitumiwa bila kufikiri, jibu huwa nusu ya π/4, yaani 0.393 hivi. Jibu la kweli ni π/8 − 1/4, ambalo ni 0.143 hivi. Robo iliyopotea ilikuwa ndani ya ndoo: ufito ukisimama nusu ya njia, kivuli na kimo vyote vina urefu, na ndoo ina nusu ya kipimo kimoja. Nusu hiyo, ikigawanywa kwa kipeo 2, ndiyo robo yetu. Kabla hujaitumia kanuni, angalia ncha zote mbili za safari uone kama ndoo ni tupu.

Ngazi ya shufwa na ngazi ya witiri

Sasa tunaweza kushuka. Kwa kipeo cha 6:

I₆ = 5/6 × 3/4 × 1/2 × π/2 = 5π/32

Kwa kipeo cha 7:

I₇ = 6/7 × 4/5 × 2/3 × 1 = 16/35

Ni ngazi mbili zilizosimama bega kwa bega. Kwa kuwa kila hatua ni ya vidato viwili, aliyeanzia kwenye namba shufwa hawezi kuvukia upande wa witiri. Anashuka 6, 4, 2, na mguu wake unatua kwenye I₀, penye pai. Aliyeanzia 7 anashuka 5, 3, na kutua kwenye I₁, penye 1. Pai katika jibu la kwanza la kijana ilitoka chini kabisa, kwenye ule mstatili wenye upana wa robo ya mzingo. Katika jibu la pili haikuwepo kwa sababu ngazi yake imesimama juu ya msingi mwingine.

Kosa ninaloliona zaidi ni la kuchanganya misingi hiyo. Mwanafunzi hushuka vizuri kutoka 7, kisha kwa mazoea anaongeza π/2 mwishoni. Anapata 0.718 hivi, na halioni kosa lake. Lakini kipimo cha kulitambua kipo. Kimo cha ufito hakizidi 1, na namba iliyo chini ya 1 ikizidishwa na nyingine ya namna hiyo hupungua. Kwa hiyo kila kipeo kikipanda, mchoro hubonyea chini zaidi na eneo hupungua: I₇ lazima iwe ndogo kuliko I₆. Ikiwa I₆ ni 0.491 hivi, basi 0.718 haiwezekani, ilhali 16/35, yaani 0.457, inakaa vizuri mahali pake.

Kipo pia kipimo kikali zaidi, nami humfundisha kila anayenijia na hesabu hii. Rudi kwenye n Iₙ = (n − 1) Iₙ₋₂, kisha zidisha pande zote mbili kwa Iₙ₋₁. Utaona kwamba zao n × Iₙ × Iₙ₋₁ ni lilelile ukishuka hatua moja, na ukishuka tena, na tena, mpaka n = 1. Pale chini linakuwa 1 × I₁ × I₀, yaani π/2. Kwa hiyo popote ulipo,

Iₙ × Iₙ₋₁ = π/(2n)

Zidisha majibu mawili ya kijana: 5π/32 mara 16/35 ni 80π/1120, nayo ikifupishwa ni π/14. Saba mara mbili ni kumi na nne. Hapo tunajua kwamba majibu yote mawili yako salama, bila kumuuliza mtu wala kufungua kitabu.

Pai yabanwa katikati

Mpaka hapa tumezitazama ngazi kila moja peke yake. Mambo mazuri huanza tunapozilinganisha.

Maeneo yetu hupungua kila kipeo kinapopanda, basi I₆ imebanwa kati ya jirani zake wawili. Juu yake ipo I₅ = 8/15, na chini yake ipo I₇ = 16/35. Majirani wote wawili ni wa ngazi ya witiri, ni sehemu za kawaida zisizo na pai. Lakini I₆ yenyewe ni 5π/32. Kwa hiyo:

16/35 < 5π/32 < 8/15

Zidisha kila upande kwa 32/5, utapata kwamba pai ni kubwa kuliko 2.925 na ndogo kuliko 3.414. Hatukupima duara lolote wala hatukuzungusha uzi kwenye mdomo wa sufuria. Pai imenaswa na sehemu za kawaida kwa sababu moja tu: mchoro wa kipeo cha 6 unakaa kati ya mchoro wa kipeo cha 5 na wa kipeo cha 7.

Je, mtego huu unaweza kukazwa? Tazama uwiano wa majirani wawili. Kwa kanuni yetu, I₅ ikigawanywa kwa I₇ ni 7/6. Juu zaidi kwenye ngazi, I₁₉₉ ikigawanywa kwa I₂₀₁ ni 201/200. Ukiendelea kupanda, uwiano huo husogea karibu na 1 kadiri unavyotaka. Majirani wa witiri wanakaribiana, na yule wa shufwa aliye katikati yao hana nafasi ya kukimbilia. Huko juu, ngazi mbili zilizoanza na misingi tofauti zinakuwa na uwiano wa 1.

Andika sasa maana ya kukutana huko. Upande mmoja tuna 1/2 × 3/4 × 5/6 na kuendelea, ikizidishwa kwa π/2. Upande wa pili tuna 2/3 × 4/5 × 6/7 na kuendelea. Ikiwa pande hizi zinakaribia kulingana, basi π/2 ni upande wa pili ukigawanywa kwa zile sehemu za upande wa kwanza. Kugawanya kwa 1/2 ni kuzidisha kwa 2/1, kugawanya kwa 3/4 ni kuzidisha kwa 4/3, na hivyo hivyo. Tukizipanga kwa zamu tunapata:

π/2 = 2/1 × 2/3 × 4/3 × 4/5 × 6/5 × 6/7 × 8/7 × 8/9 × …

Juu ni namba shufwa, kila moja mara mbili. Chini ni namba witiri, kila moja mara mbili isipokuwa 1. Mfuatano huu hauna mwisho, nao hutoa nusu ya pai.

Zao hili linaitwa kwa jina la John Wallis, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1616. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini mwake alilitumikia Bunge kwa kufumbua barua zilizoandikwa kwa siri, na mwaka 1649 akawa profesa wa jiometri huko Oxford. Alama ya ∞ tunayotumia kwa kitu kisicho na mwisho aliichapisha yeye mwaka 1655. Zao lake alilitoa katika kitabu chake cha mwaka 1656, Arithmetica Infinitorum, kabla Newton na Leibniz hawajaijenga kalkulasi tunayofundisha leo.

Wallis hakuwa na kanuni yetu ya kushusha kipeo, lakini alikuwa amesimama mbele ya ngazi hizihizi. Aliweza kukokotoa maeneo ya jamii moja ya michoro yaliyotoka kama sehemu za kawaida, nayo kwa lugha yetu ni ngazi ya witiri. Eneo alilolitafuta lilikuwa la robo ya duara, ambalo ni π/4, na kwetu ni I₂. Lilikuwa katikati ya maeneo aliyoyajua, kwenye vidato vya ngazi nyingine. Alichora majedwali, akatafuta utaratibu wa kujaza mapengo, na utaratibu huo ukampa zao lisilo na mwisho. Katika majira ya baridi ya 1664 kuingia 1665 Newton alikisoma kitabu hicho akiwa bado mwanafunzi, na katika kuendeleza ujazaji huo wa mapengo akagundua mfululizo wa bainomia kwa vipeo ambavyo si namba nzima.

Mwendo wa kobe

Anayedhani atatumia zao hili kupata pai kwa haraka atachoka. Tuliite kila jozi ya sehemu hatua moja: hatua ya kwanza ni 2/1 × 2/3, ya pili ni 4/3 × 4/5. Baada ya hatua 3, tukizidisha kwa 2 ili tupate pai nzima, tuna 2.9257. Baada ya hatua 10 tuna 3.0677. Baada ya hatua 100 tuna 3.1338, na baada ya 1,000 tuna 3.1408. Pengo linalobaki ni kama π ikigawanywa kwa mara nne ya idadi ya hatua. Ukitaka pengo lisizidi milioni moja ya kipimo, unahitaji hatua zipatazo 785,000.

Mahali unaposimama nako kuna uzito. Ukiishia na jozi kamili, unakuwa chini ya pai kila mara. Ukiiacha nusu ya pili ya jozi ya mwisho, unaruka juu yake. Kwa hatua 100, upande wa chini ni 3.1338, nao ukizidishwa kwa 201/200 hutoa upande wa juu, 3.1495. Hii ni ile kamba iliyombana I₆ kutoka pande mbili. Na kwa kuwa pai inakaa karibu sana na katikati, jumlisha pande hizo mbili ugawanye kwa 2. Utapata 3.1416 kwa nafasi nne za desimali. Hatua 100 pamoja na wastani mmoja zimekufikisha mahali ambapo zao peke yake lingehitaji hatua maelfu kufika.

Kuna onyo jingine. Sehemu za zao hili hazipangwi upya ovyo. Ukizitenga zile kubwa kuliko 1, yaani 2/1 × 4/3 × 6/5 na kuendelea, zao hukua bila kikomo. Ukizitenga zile ndogo, 2/3 × 4/5 × 6/7 na kuendelea, hudidimia kuelekea 0. Ni kule kupokezana, moja ya kuinua na moja ya kushusha, kunakoliweka zao karibu na nusu ya pai.

Shilingi mara mia moja

Kijana alipofika hapa aliuliza kama hesabu hii ina kazi nje ya mtihani. Nikamwambia atoe shilingi mfukoni.

Ukirusha shilingi mara 2, uwezekano wa kupata kichwa mara moja kamili ni 1/2. Ukirusha mara 4, uwezekano wa kupata kichwa mara 2 kamili ni 3/8, maana kuna matokeo 16 na 6 kati yake ndiyo yenye vichwa viwili. Sasa tazama: 3/8 ni 1/2 × 3/4. Ukirusha mara 6, uwezekano wa vichwa 3 kamili ni 5/16, nao ni 1/2 × 3/4 × 5/6. Hizi ni sehemu zilezile za ngazi ya shufwa.

Basi uwezekano wa kupata vichwa 50 kamili katika kurusha mara 100 ni 1/2 × 3/4 × 5/6 mpaka 99/100. Kuzidisha sehemu 50 kwa mkono ni kazi ya mchana mzima. Lakini zao hilo ni I₁₀₀ ikigawanywa kwa π/2, na kipimo chetu cha awali kinatupa njia ya mkato. Tunajua kwamba I₁₀₀ × I₉₉ = π/200. Huko juu majirani wanakaribia kulingana, kwa hiyo I₁₀₀ ni karibu sawa na kipeuo cha pili cha π/200, yaani 0.125 hivi. Gawanya kwa π/2, utapata 0.0798. Jibu kamili ni 0.0796.

Kwa hiyo nusu kwa nusu kamili, ambayo wengi huidhani kuwa matokeo ya kawaida, hutokea kama mara 8 tu katika kila majaribio 100. Tena katika hesabu ya shilingi, ambayo haina pembe wala mzingo, pai imeingia. Imeingia kwa sababu sehemu za shilingi ni vidato vya ngazi ya shufwa, na ngazi hiyo imesimama juu ya I₀.

Kijana alifunga daftari, kisha akalifungua tena. Aliandika I₈ na I₉ bila kuambiwa, akashuka ngazi zote mbili, akapata 35π/256 na 128/315. Halafu akazizidisha pamoja, akafupisha, akafika π/18. Tisa mara mbili ni kumi na nane. Nawe msomaji, chukua karatasi ufanye I₁₀ na I₁₁ kwa mkono wako: ukizizidisha na kupata π/22, hakuna ulichokosea.